Nani Alifua Shati

Dada yangu ni dobi. Mtaani wanamwita Mama Pasi, na jina hilo limemkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wetu. Amefua nguo za watu tangu mumewe alipofariki na kumwachia wavulana wawili. Ukitaka kumuudhi, mpelekee shati lenye doa lililolala siku kadhaa, halafu umwambie akufanyie haraka. Atakutazama juu mpaka chini. Kutu ina dawa yake, wino una dawa yake. Damu ni maji baridi na chumvi, hapo hapo, kwa sababu ukiimwagia maji ya moto au ukiiacha ikauke, basi, shati limekwisha. Mikono yake inajua haya yote hata akili ikiwa safarini. Mimi ni mdogo wake, nashona nguo, na ulimi wangu unajulikana. Nilizoea kumtania kwamba siku ya kiama atawaambia malaika wasubiri kidogo, aanue kwanza.

Mwanawe wa kwanza tulimwita Fundi. Alitengeneza redio na feni, akizungumza nazo kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Mchekeshaji, mkarimu, mtu wa kuingia nyumbani kwako na kufungua sufuria bila kuomba ruhusa. Wa pili ni Kitinda, mtoto wa mwisho, mpole, msomaji, aliyependa kukaa karibu na mama yake akikunja nguo.

Ugonjwa ulimjia Kitinda polepole. Kwanza akaacha kulala. Halafu akaanza kusikia watu wakiongea darini, akaziba tundu la kufuli kwa sabuni ili wasimsikie. Nesi wa kituo cha afya akampa vidonge na kumwandikia aende hospitali kubwa. Akameza vidonge, akapata nafuu, akaona amepona, akaviacha. Ndipo akaanza kusema kwamba Fundi si Fundi. "Kaka wamemchukua," alimwambia mama yake. "Huyu wamemvika sura yake tu." Fundi alicheka, akamwambia sura yenyewe si nzuri hivyo, nani angeiiba?

Mchana mmoja dada alikwenda kupeleka nguo za wateja. Aliporudi, mayowe yake tuliyasikia mpaka kwenye cherehani yangu. Fundi alikuwa sakafuni, amepigwa kichwani kwa pasi ya mkaa. Kitinda alikuwa amekaa karibu naye, kifua wazi. Polisi wakamchukua, na sisi tukazika.

Nasema wazi: nilitaka anyongwe. Nilimlea mgongoni mwangu, na nilitaka anyongwe. Dada alizika mmoja, akaanza kumpelekea nguo safi mwingine mahabusu, na ningemuuliza mkono huo anauinuaje, ila sikuthubutu.

Kesi ilipofika Mahakama Kuu, wakili wa utetezi aliyepewa na serikali, kijana mwembamba mwenye koti lililomzidi mabega, alieleza kwamba mteja wake hakani kuwa ndiye aliyepiga. Anachosema ni kwamba wakati ule hakuwa na akili timamu. Jaji alikuwa ameshaagiza apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili akachunguzwe. Kwa hiyo jambo lililobaki lilikuwa moja tu, na hata mimi nililielewa. Jaji akikubali maoni ya daktari, Kitinda atakwenda hospitali. Akiyakataa, ni kitanzi.

Chumba kile kina benchi ngumu, feni inayozunguka bila kupoza mtu, na kizimba cha mbao ambacho ukingo wake umeng'aa kwa kushikwa. Mimi si shahidi, kwa hiyo nilisikiliza tangu mwanzo. Dada alikaa nje na mashahidi wenzake mpaka zamu yake. Akaitwa na upande wa mashtaka, akasema alifika, akamkuta mwanawe ameanguka, akapiga kelele. Wakili wa serikali, mama mwenye miwani na sauti ya taratibu, hakumuuliza mengi. Mtu hambani mama aliyefiwa mbele ya watu. Alipomaliza kutoa ushahidi, aliruhusiwa kuja kukaa nami.

Akafuata mpelelezi. Alisema alimkuta mshtakiwa kifua wazi, mikono ina damu iliyokauka mpaka kwenye viwiko. Alikuta shati lake limefuliwa, limeanikwa kwenye kamba uani, linachuruzika maji. Pasi ilikuwa imefutwa na kurudishwa kwenye rafu yake. Halafu akaongeza, bila kuulizwa, "Kwa maoni yangu, huyu alikuwa mzima kabisa wa akili."

Wakili wetu akasimama haraka mpaka koti likamvuka bega. Jaji hakumsubiri amalize.

"Afande, umesomea magonjwa ya akili?"

"Hapana, Mheshimiwa, lakini nimekamata watu wengi."

"Basi nieleze ulichokiona na ulichokisikia. Alisema nini, alikaaje, alikutazamaje. Kama alikuwa mgonjwa au mzima, hayo maoni nitayapokea kwa mwenye utaalamu huo."

Mpelelezi akasema mshtakiwa alikaa kimya, na mara moja aliuliza kaka yake halisi ataletwa lini. Hilo likaandikwa.

Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa mzee mfupi, mwenye kuongea kama anayepima kila neno kwenye kijiko. Kabla ya kuulizwa lolote kuhusu Kitinda, aliulizwa kuhusu yeye mwenyewe: amesoma wapi, amefanya kazi hiyo muda gani, amewaona wagonjwa wa namna hii. Nikamnong'oneza dada kwamba bwana anaposwa. Hakucheka. Baadaye ndipo nilipoelewa. Asipoonyesha kwanza ana ujuzi gani, maneno yake yana uzito sawa na yangu mimi.

Akasema Kitinda ana maradhi ya kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwapo. Akasema alimweka wodini, manesi wakamtazama usiku na mchana, akiongea na ukuta, akikataa chakula kilichopitia mikononi mwa mtu ambaye "si yeye". Akasema alisoma maelezo ya nesi wa kituo cha afya na kuzungumza na mama mzazi. Kwa maoni yake, siku ile mshtakiwa aliamini anamwondoa mtu baki aliyemmeza kaka yake, na hakuweza kujua kwamba anatenda kosa.

"Kwa hiyo hana hatia?" wakili wetu akauliza, amechangamka.

"Hilo si swali lake," jaji akasema. "Hilo ni langu mimi. Endelea."

Wakili wa serikali akainuka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Daktari, wewe hukuwapo siku ile."

"Sikuwapo."

"Ulimwona baada ya muda mrefu kupita. Ya siku ile uliambiwa."

"Mengine niliambiwa, mengine nimeyaona mwenyewe wodini."

"Mtu anayeua, kisha akavua shati lake, akalifua, akalianika, akafuta silaha na kuirudisha mahali pake. Huyo anaficha, sivyo? Na anayeficha anajua amekosa."

"Kama ni yeye aliyefua," daktari akasema, "jambo hilo lingenisumbua. Ningelazimika kuyafikiri upya maoni yangu. Sikuambiwa kuhusu shati."

Nikasikia mkono wa dada umenishika paja.

Kesi ikaahirishwa mpaka alasiri. Nje, kwenye korido yenye harufu ya dawa ya sakafu, dada alisimama akitazama ukuta.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyefua."

Nilimvutia pembeni kabla askari hajatupita. Nikamwambia anyamaze, amechanganyikiwa kwa uchovu. Akaniambia hajawahi kuwa timamu kama sasa. Aliingia ndani, akaona, akashindwa kuona. Shati la Kitinda lilikuwa limelowa damu. Akamvua kama alivyomvua akiwa mdogo, akalitia kwenye beseni la maji baridi, akachota chumvi. Akafuta pasi kwa kitambaa, akaipanga. Alipoanika shati ndipo macho yake yalipofunguka na mayowe yakamtoka.

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Halafu niliona aibu, mdogo wangu. Mwanangu amelala pale, mimi nafua."

Hasira zangu zote, nilizokuwa nimezibeba tangu mazishini, hazikujua pa kwenda. Nilitaka kumpiga makofi na kumkumbatia. Tukamtafuta wakili.

Alitusikiliza akiwa ameshika mkate ambao hakuula tena. "Mama, nitakuambia ukweli ulivyo," akasema. "Ukinyamaza, lile shati linamzamisha. Ukisema, watauliza kwa nini uliwaficha polisi, na daktari alisema wewe ndiye uliyemweleza habari za ugonjwa. Maoni ya mtaalamu yanasimama juu ya mambo aliyoambiwa na aliyoyaona. Mambo hayo yakianguka, maoni nayo yanaanguka. Watakugeuza mwongo ili kumwangusha daktari. Na wewe mwenyewe unaweza kuingia matatani."

"Kwa hiyo unanishauri nini?"

"Siwezi kukuambia useme nini. Naweza kuomba urudishwe kizimbani kama unakwenda kusema kweli."

"Omba," dada akasema.

Jaji alikubali arudishwe, lakini alimwonya kwanza. Alimwambia polepole kwamba anayotaka kusema yanaweza kumletea kesi yeye mwenyewe, na kwamba anaweza kupata ushauri wa wakili wake kabla hajafungua mdomo. Dada akasema ameelewa, na kwamba hana cha kushauriana.

Akaeleza kama alivyonieleza. Kwenye kizimba kingine Kitinda alikuwa ameinama. Dawa zilikuwa zimemrudisha, na nilimwona akisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za nyumba aliyolala ndani yake ikiungua. Mama yake alisema alimkuta amekaa, anamtikisa kaka yake begani, anamwambia aamke, wale watu wameshaondoka.

Wakili wa serikali akasimama.

"Mama, kwa nini mtu afue shati kabla ya kuita msaada?"

"Damu ikikauka haitoki."

Mtu mmoja nyuma yangu akaguna.

"Uliwaficha polisi."

"Ndiyo."

"Uliificha mahakama hii, hapo hapo uliposimama."

"Ndiyo."

"Na habari za kwamba mwanao alikuwa mgonjwa, daktari alizipata kwako."

"Na kwa nesi. Lakini ndiyo, na kwangu."

"Kwa hiyo unataka tukuamini leo, kwa sababu leo ndipo uongo wa jana umeshindwa kumwokoa."

Wakili wa serikali akageuza ukurasa. Sidhani alikuwa mkatili, kazi yake ndiyo hiyo, lakini nilivyomtazama, kama macho yangeua ningefungwa.

"Daktari aliyeupasua mwili alitoa ushahidi wewe ukiwa nje. Aliiambia mahakama kwamba jeraha lile haliui papo hapo kila mara, na kwamba marehemu huenda aliishi kwa muda baada ya kupigwa. Ulikuwa unajua?"

Mimi nilikuwa nimeyasikia daktari huyo alipoyasema, nikayameza, nikaomba kwa Mungu dada asiyasikie kamwe. Wakati ule sikujua kuhusu beseni, na bado yalinichoma. Sasa nilimwona akishika ukingo wa kizimba.

"Aliishi?"

"Ninakuuliza mimi, mama. Uliangalia kama anapumua?"

"Macho yake yalikuwa wazi."

"Uliangalia kama anapumua?"

"Sikuangalia."

"Mama mzazi anamkuta mwanawe hivyo, na haangalii kama anapumua, anafua. Mahakama iamini hilo?"

Jaji akamwambia wakili swali limeeleweka, akae. Dada alishuka akitembea kama mtu asiyeona ngazi. Kitinda alikuwa ameweka paji la uso juu ya mbao za kizimba.

Daktari wa akili aliitwa tena. Akasema kama shati lilifuliwa na mama, hana sababu ya kubadili maoni yake. Na hata ukiyaondoa yote aliyoambiwa na mama, alisema, yanabaki aliyoandika nesi kabla ya kifo na yale yaliyoonwa wodini, na hayo yanamtosha.

Siku ya hukumu chumba kilijaa. Majirani walikuja, wengine kwa huruma, wengine kwa umbea, na sikuwa na nguvu ya kuwachambua. Jaji alisoma muda mrefu. Maneno yake mengi yalinipita, lakini yale niliyoyashika nimeyashika.

Alisema maoni ya mtaalamu ni maoni. Hayaifungi mahakama, na daktari hawezi kukaa kwenye kiti cha jaji. Lakini mahakama nayo haiwezi kuyatupa kwa sababu tu haikuyapenda, na kuweka dhana zake yenyewe mahali pa utaalamu isiokuwa nao. Ni lazima iwe na sababu, na sababu hiyo itoke kwenye ushahidi. Upande wa mashtaka ulimpa sababu moja, shati. Kwa hiyo alilazimika kujiuliza nani alilifua.

Akasema mama huyu amekiri kuficha, na kwa neno lake peke yake angesita. Lakini mpelelezi, shahidi wa mashtaka, alisema mikono ya mshtakiwa ilikuwa na damu iliyokauka mpaka kwenye viwiko.

"Mtu hafui shati kwenye beseni la maji," jaji akasoma, "akatoka na damu mikononi."

Nilitazama huku na huku. Mpelelezi alikuwa ameinamisha kichwa. Wakili wetu alikuwa amefungua mdomo. Neno lile lilisemwa mbele yetu sote na hakuna aliyeliokota.

Kwa hiyo, jaji akasema, anaamini aliyefua ni mama. Sababu ya kuyakataa maoni ya daktari imeondoka. Maoni yenyewe yametolewa na mwenye ujuzi, ameeleza misingi yake, na misingi hiyo inaungwa mkono na nesi na wodi. Anayakubali. Mshtakiwa alitenda kitendo kile, lakini hakuwa na akili timamu alipokitenda. Atawekwa hospitali ya magonjwa ya akili mpaka wenye mamlaka watakapoamua vinginevyo.

Nikalia. Sikujua nilikuwa nimebadilika lini, lakini nililia kwa kumshukuru Mungu. Kitinda akapitishwa karibu yetu, na dada akanyoosha mkono. Askari alimruhusu. Kitinda hakuushika. Alimtazama tu, macho yake yakiwa makavu, halafu akaangalia pembeni.

"Nenda mwanangu," dada akamwambia. "Umeze dawa."

Nilidhani yamekwisha. Polisi hawakumfuatilia dada, na majirani wakatafuta habari nyingine. Lakini aliacha kuchukua nguo za watu. Wateja walikuja, wakakuta mlango umefungwa, wakanipitishia mafurushi mimi, nikayarudisha. Siku moja akaja amejifunga khanga ya kutokea, akaniambia nimsindikize hospitali kuu. Nikafikiri tunakwenda kumwona Kitinda. Akapita geti, akapita wagonjwa wa nje, akaelekea nyuma, chumba cha maiti.

Daktari wa maiti alitupokea kwenye kiofisi chenye meza ya bati na dirisha lisilofunguka. Alivua glavu kabla ya kutusalimia. Alimkumbuka Fundi, au alisema hivyo kwa heshima.

"Daktari," dada akasema, "mahakamani ulisema aliishi."

"Shikamoo, mama. Hapana. Nilisema huenda aliishi kwa muda."

"Muda gani?"

"Mama, sikuweza kusema mahakamani na siwezi kusema sasa. Ubongo ulivimba kiasi, na huo uvimbe unataka muda. Lakini kiasi chenyewe hakinipi saa."

"Mimi nilipofika, alikuwa hai?"

"Inawezekana."

"Inawezekana pia alikuwa ameshafariki?"

"Inawezekana pia."

"Na kama alikuwa hai, ningepiga kelele mapema, angepona?"

Daktari alitazama mikono yake. Nilimwombea kimoyomoyo adanganye. Uongo mdogo tu, wa dakika moja, nani angemfunga?

"Kwa jeraha lile, sidhani," akasema. "Lakini sidhani si sawa na hapana. Ningekuwa nakudanganya."

"Asante," dada akasema, na akainuka.

Njiani nilimwambia yote niliyoweza. Nikamkumbusha jaji alivyosema, maoni ya daktari si amri, unayapima pamoja na mambo mengine. Nikamwambia daktari mwenyewe amesema sidhani, ashike hilo, alishike kwa mikono miwili. Nikamkemea, nikambembeleza, nikamkemea tena.

"Jaji alikuwa na mikono ya Kitinda ya kupimia," akasema. "Mimi nina nini? Sikuangalia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo alikuwa hai."

Nikamwambia hakuna aliyesema hivyo. Akaniambia anajua. Tukasimama kando ya barabara tukingoja magari yapite, na aliponishika mkono tuvuke, vidole vyake vilikuwa vimelainika, ngozi yake haina tena ule ukakasi wa sabuni.

Kila Jumapili anakwenda kumwona Kitinda. Kitinda anatoka, anakaa naye kwenye benchi la uani, na wanazungumza habari za hali ya hewa na chakula cha wodini. Wiki iliyopita nilikwenda naye. Kabla hatujaondoka, Kitinda alimuuliza mama yake, kwa sauti ndogo, bila kumtazama, kama kaka alisema neno lolote wakati ule.

Dada akamjibu kwamba ndiyo, alisema amemsamehe.

Mimi niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.